Muda wa mwitiko: hatifungani inayoweza kukombolewa mapema

Mwaka 1938 mchumi Frederick Macaulay alitafuta namna ya kueleza urefu halisi wa hatifungani. Tarehe ya kuiva haikumtosha, kwa sababu mwenye hatifungani ya miaka kumi hulipwa riba njiani, na fedha hizo humfikia mapema kuliko mtaji wenyewe. Alichukua wastani wa miaka ya malipo yote, kila mwaka akiupa uzito wa thamani ya leo ya malipo yake. Wastani huo ni muda kweli, nao huhesabiwa kwa miaka. Baadaye ilionekana kwamba ukigawanywa kwa moja jumlisha kiwango cha mapato, unakuwa kipimo cha jambo jingine: bei itabadilika kwa asilimia ngapi iwapo mapato yatabadilika kwa asilimia moja. Hapo neno la muda likaanza kubeba maana ya wepesi wa bei kuitikia riba.

Kanuni hiyo inadai jambo moja, kwamba tarehe na kiasi cha kila malipo vijulikane. Hatifungani za Serikali ya Tanzania za miaka 20 na 25 zinatimiza sharti hilo: riba hulipwa kila nusu mwaka na mtaji siku ya kuiva. Lakini kuna hatifungani ambazo mtoaji amejiwekea haki ya kuzikomboa mapema kwa bei iliyokwisha kuandikwa. Riba za soko zikishuka, atakopa kwingine kwa bei nafuu na kukurudishia mtaji wako. Zikipanda, atakuacha na riba yako ndogo hadi mwisho. Malipo yenyewe sasa yanategemea riba, hivyo wastani wa Macaulay hauna cha kushika.

Kipimo kinachofaa hapa ndicho ninachokiita muda wa mwitiko. Wapo wanaopendelea muda halisi, lakini neno halisi tumekwisha kulipatia kazi ya riba iliyoondolewa mfumuko wa bei, na msomaji atachanganya. Mwitiko unasema wazi kinachopimwa. Tunausogeza mkunjo wote wa mapato juu kidogo, tunakokotoa bei upya. Tunaushusha kwa kiasi kilekile, tunakokotoa tena. Kisha:

```
D = (P_chini - P_juu) / (2 × P_0 × Δ)
```

P_chini ni bei baada ya riba kushushwa, P_juu baada ya kupandishwa, P_0 ni bei ya sasa, na Δ ni ukubwa wa msogeo, ukiandikwa kwa desimali.

Tuchukue hatifungani ya kampuni yenye miaka 11, inayolipa riba ya 10 kwa kila 100 mara moja kwa mwaka. Kampuni inaweza kuikomboa kwa 100 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na siku hiyo tu. Riba ya mwaka mmoja leo ni asilimia 10. Mwakani, kwa uwezekano ulio sawa, riba za miaka yote zitakuwa asilimia 12 au asilimia 8. Mti wa riba wa kazini huwa na matawi mengi, lakini haya mawili yanatosha kuonyesha mwenendo.

Riba ikiwa 12, hatifungani itakayobaki na miaka kumi itakuwa na thamani ya 88.70, na kampuni haitaigusa. Ikiwa 8, thamani ingekuwa 113.42, lakini kampuni itaikomboa kwa 100. Wastani wa 88.70 na 100 ni 94.35. Ongeza riba ya mwaka, 10, kisha gawanya kwa 1.10: bei ya leo ni 94.86. Bila haki ya kukomboa, bei ingekuwa 100.96. Tofauti hiyo ya takriban 6.10 ni thamani ya haki ambayo mwekezaji amemuuzia mtoaji.

Sasa sogeza kila riba kwa nusu asilimia. Zikipanda, matawi ni 12.5 na 8.5, na bei inashuka hadi 93.28. Zikishuka, matawi ni 11.5 na 7.5, na bei inapanda hadi 96.51. Pande zote mbili uamuzi wa kampuni umekokotolewa upya kwenye kila tawi. Mwitiko ni 3.23 gawanya kwa 0.9486, yaani 3.4. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa hatifungani isiyo na haki, unapata 6.5. Karatasi mbili zenye riba moja na tarehe moja ya kuiva, na mojawapo inaitikia riba karibu nusu tu ya mwenzake.

Jambo ninalotaka lishike ni kwamba 3.4 ni ya leo tu. Riba zote zikishuka kwa asilimia nne, matawi yanakuwa 8 na 4, na kampuni itakomboa kwa vyovyote. Hatifungani imegeuka kuwa ya mwaka mmoja, bei yake ni 103.77 na mwitiko wake 0.94. Zikipanda kwa asilimia tatu, matawi ni 15 na 11, hakuna atakayekomboa, na hatifungani inaenda sawasawa na ile isiyo na haki. Kwa hiyo mwitiko unafupika wakati mwekezaji angefaidi kupanda kwa bei, na unarefuka wakati hasara inapoingia.

Hicho ndicho kilichotokea Marekani mwaka 1994. Benki kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 3 hadi 5.5 kati ya Februari na Novemba. Huko mwenye nyumba anaweza kulipa mkopo wake mapema na kukopa upya, hivyo dhamana zinazotokana na mikopo ya nyumba zina haki ya kukomboa ndani yake. Riba zilipopanda, watu waliacha kulipa mapema na mwitiko wa dhamana hizo ukarefuka. Mifuko ya uwekezaji iliyosimamiwa na David Askin, yenye takriban dola milioni 600, ilikuwa imewekeza humo kwa fedha za kukopa, na ilianguka mwaka huohuo.

Hesabu inaharibika kwa njia zinazojulikana. Ukichukua msogeo mkubwa, asilimia tatu kwa mfano, unavuka mpaka wa kukomboa kwenye tawi moja na kuchanganya mienendo miwili katika namba moja. Ukichukua mdogo mno kwenye mti wenye matawi machache, namba hurukaruka. Pima kwa robo na kwa nusu asilimia: zikitofautiana sana, mti unahitaji hatua zaidi. Kosa jingine ni kusahau nyongeza ya mapato. Bei ya mti ikipishana na ya soko, huongezwa kiwango kimoja kwenye riba zote hadi zilingane, na kiwango hicho lazima kibaki kilekile katika misogeo yote miwili, pamoja na makadirio ya kuyumba kwa riba. Ukikibadilisha, unapima mambo mawili kwa pamoja.

Namba hii haisemi lolote kuhusu mkunjo unaopinda, pale riba za muda mfupi zinapopanda na za muda mrefu zikabaki. Basi ukipewa muda wa mwitiko wa hatifungani inayoweza kukombolewa, muulize dalali aliupima kwa msogeo wa kiasi gani na lini, na umwombe akupe pia namba baada ya riba kupanda asilimia moja na baada ya kushuka asilimia moja.