Una biashara yako pekee? Hizi ndizo gharama KRA watakukubalia kwa ritani, na hizi watazitupa nje

Kila Juni ni story ile ile. Msee ako na kibanda, mwaka mzima amekuwa akiandika kwa daftari kila shilingi iliyotoka, halafu siku ya kufaili anajumlisha zote, anatoa kwa mauzo, anapata faida ya kuchekesha na kujiambia hana deni na serikali. Shida ni kwamba si kila doo iliyotoka mfukoni ni gharama ya biashara. Sheria ya ushuru wa mapato, kifungu cha 15, inakubali tu pesa uliyotumia kikamilifu na kwa ajili ya kutengeneza mapato hayo peke yake. Kifungu kinachofuata, cha 16, ndicho kinakunyima zingine.

Lakini kabla hujaanza kuhesabu gharama, jiulize kama hata uko kwa huo mchezo. Kama biashara yako inauza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kawaida unaangukia TOT, ule ushuru wa asilimia 3 ya mauzo yote. Huko hakuna cha gharama. Umeuza 100,000 mwezi huu, unalipa 3,000, hata kama renti ilimeza kila kitu. Ukitaka kupunguziwa gharama, unaandikia Kamishna wa KRA ukimwambia hutaki TOT, halafu unaenda kwa ritani ya kila mwaka kama watu wengine. Na wale wa mauzo chini ya milioni 1, nyinyi pia ritani ya mwaka ndiyo yenu.

Wacha tuchukue mfano, maanake hizi vitu bila namba ni hewa. Tuseme kuna dada anaprinti tishati na kofia mtaani. Yuko peke yake kwa biashara, hana kampuni, na alishaandika barua akatoka TOT. Mwaka wa 2025 aliuza za 3,200,000. Daftari lake linasema hivi: alinunua tishati na wino za 1,700,000, renti ya kibanda 240,000, kijana wa kumsaidia 216,000, stima na intaneti 60,000, mafuta ya gari 120,000, kompyuta mpya 80,000, kulipa loni 180,000, faini ya kanjo 10,000, na mshahara wake mwenyewe 360,000. Jumla ni 2,966,000. Kwa hivyo anaona amebaki na faida ya 234,000 tu. Asilimia 10 ya hiyo ni 23,400, na kila mkaaji wa Kenya anapata nafuu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, so anajiona yuko sifuri kabisa.

Sasa tupitie hilo daftari pamoja.

Anza na huo mshahara wa 30,000 kwa mwezi, kwa sababu ndio unaumiza wengi. Kama biashara ni yako pekee, wewe na biashara ni mtu mmoja machoni pa KRA. Huwezi kujiajiri. Ile pesa unajilipa ni faida yako unaichukua mapema, basi. Ata ukiitumia kwa karo ya mtoto ama renti ya keja, haibadiliki kuwa gharama. Hizo 360,000 zote zinarudi kwa faida. Lakini kijana wake ni tofauti: yeye ni mfanyakazi kweli, 18,000 kwa mwezi, na mshahara wake unakubaliwa wote. Hakikisha tu rekodi za malipo zipo na zile makato za NSSF, SHIF na nyumba za bei nafuu zinapelekwa, juu ukiulizwa, hiyo ndiyo itaonyesha kwamba huyo kijana si wa kubuni.

Faini ya kanjo toa kabisa. Kulipia kosa si kutengeneza mapato.

Mafuta ya gari yanataka ukweli. Gari hilo hilo linapeleka tishati kwa wateja na pia linaenda ocha wikendi. Huwezi kudai yote, lakini si lazima upoteze yote pia. Dada yetu ameandika safari zake kwa kijitabu na anaona nusu ya kilomita ni za kazi, kwa hivyo anadai 60,000. Bila hicho kijitabu hiyo nusu ni maneno tu, na afisa akikataa hauna cha kumwonyesha. Simu na intaneti ya nyumbani zinafuata njia hiyo hiyo. Hapa yeye ana bahati, stima na intaneti zake ni za kibanda pekee, so zinaingia zote.

Tukuje kwa kompyuta. Kitu ambacho kitakutumikia miaka mingi hakiliwi kwa mwaka mmoja kama wino. Sheria inaita hiyo matumizi ya mtaji, na badala ya kukukubalia bei yote inakupa kipande kila mwaka. Kompyuta ni asilimia 25, kwa hivyo mwaka wa kwanza anadai 20,000 peke yake. Gari la biashara pia ni asilimia 25, lakini meza na makabati ni asilimia 10. Kurekebisha mashine iliyoharibika ni gharama ya kawaida, inaingia yote mwaka huo. Kununua nyingine mpya ndiyo inakatwa vipande.

Loni nayo inachanganya watu vibaya. Dada alilipa 180,000, lakini ukiangalia taarifa ya benki, 150,000 ilikuwa kurudisha pesa aliyokopa na 30,000 ndiyo riba. Ile aliyokopa haikuwa mapato ilipoingia, so haiwezi kuwa gharama ikitoka. Riba ndiyo inakubaliwa, na hiyo pia ni kama loni iliingia kwa biashara. Ukikopa ununue stoki halafu nusu ununue kochi, riba ya kochi ni yako mwenyewe.

Halafu kuna stoki, ambayo daftari lake hata halikuigusa. Januari alianza na tishati za 150,000 zilizobaki mwaka uliopita. Desemba 31 alikuwa na za 210,000 kwa rafu. Gharama ya vitu alivyouza si zile 1,700,000 alizonunua. Ni 150,000 ukiongeza 1,700,000 ukitoa 210,000, yaani 1,640,000. Zile za kwa rafu atazidai mwaka ujao akiziuza. Ndiyo maana watu wa biashara wenye akili huhesabu stoki usiku wa mwaka mpya wakati wengine wako kwa sherehe. Na ukigawia mabinamu tishati za bure, hizo usizihesabu kama gharama ya biashara.

Jumlisha sasa zile zimepona: stoki 1,640,000, renti 240,000, kijana 216,000, stima na intaneti 60,000, mafuta 60,000, kompyuta 20,000 na riba 30,000. Inafika 2,266,000. Faida ya kutozwa ushuru ni 934,000, si 234,000. Ushuru wenyewe unapanda kwa ngazi: 288,000 za kwanza asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zile 546,000 zilizobaki asilimia 30. Hiyo ni 28,800 na 25,000 na 163,800, jumla 217,600. Toa nafuu ya 28,800, anabaki na deni la 188,800. Kutoka sifuri!

Na bado haijaisha. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi, hata kama kila mtu anajua uliilipa. Kuna zilizosamehewa, kama mishahara, riba, ada za benki, bidhaa ulizoagiza mwenyewe kutoka nje na kile kipande cha kila mwaka cha kompyuta. Lakini stoki, renti na mafuta haziponi. Na invoisi lazima iwe na PIN yako. Risiti ya petroli uliyochukua bila kutaja PIN haitaonekana kwa jina lako, kwa hivyo jizoeze kuitaja kabla pampu haijaanza.

Tuseme kati ya zile tishati, za 400,000 alinunua kwa wauzaji wadogo waliomwandikia kwa karatasi. Zikitupwa, faida inapanda hadi 1,334,000 na ushuru unaongezeka 120,000. Anadaiwa 308,800. Kuna dawa, lakini inafanya kazi mapema tu: tangu mwisho wa Desemba 2024, ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo ama mkulima ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, ni wewe mnunuzi unatengeneza hiyo invoisi kwa eTIMS ukitumia PIN yake. Kwa hivyo ukiwa pale sokoni unachagua maembe ama vitambaa, omba PIN hapo hapo. Kumtafuta mwaka ukiisha ni kazi bure.

Sasa angalia kitu moja. Kama dada huyu angebaki TOT, angelipa asilimia 3 ya 3,200,000, yaani 96,000. Barua yake ya kutoka imemgharimu! Kwa mauzo kama yake, ritani ya mwaka inamfaa tu kama faida halisi iko chini ya karibu 625,000, yaani kama shilingi 20 kwa kila 100 anazouza. Ukiwa na biashara ya faida nyembamba, kama duka la jumla, kutoka TOT kuna maana. Ukiwa na faida nene kama ya kuprinti, ama risiti zako ni za karatasi nusu, piga hesabu kwanza kabla hujaandika barua.

Kwa mwaka wa 2025, deni lililobaki hulipwa kabla ya Aprili 30, 2026, na ritani yenyewe inaingia iTax kabla ya Juni 30. Ukichelewa kufaili ni faini ya 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile kubwa kati ya hizo mbili. Kwa dada yetu wa 308,800, asilimia 5 ni 15,440, na hiyo nayo, kama ile ya kanjo, haiingii kwa gharama za mwaka unaofuata. Kabla ya kujaza, fungua eTIMS uone ni ununuzi gani umeandikwa kwa PIN yako, ulinganishe na daftari mstari kwa mstari. Palipo na pengo, mpigie muuzaji kabla Juni haijakupata. Ukimaliza kufaili usitupe hayo makaratasi, sheria inataka uyaweke miaka 5.