Mapigo yanayokwenda ovyo na mapigo yanayokimbia: historia fupi ya swali la mtihani

SEHEMU YA 1: Mchoro uliochapishwa bila jina

Haya ni ya nyie mnaosoma uuguzi na utabibu huku Machame, Moshi na kwingineko. Leo tunalichukua lile swali la kuchagua jibu linaloangusha watu wengi. Wanakueleza mchoro wa umeme wa moyo kwa maneno, picha yenyewe hawakupi, kisha kwenye majibu wanaweka AF na VT karibu karibu. AF ni pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma. VT ni pale vyumba vya chini vinapojiendesha vyenyewe kwa kasi. Nitakupitisha kwenye historia, maana kila neno la swali lile liliandikwa na mtu aliyekuwa anahangaika na mgonjwa.

Mashine ya kwanza nzuri ya kuchora umeme wa moyo ilitengenezwa na Willem Einthoven kule Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuwezekana kuipeleka wodini. Akavuta waya wa karibu kilomita moja na nusu kutoka hospitali hadi maabara yake, mgonjwa akabaki hospitali, umeme wa moyo wake ukasafiri. Mwaka 1906 alichapisha michoro mingi, na mmojawapo ulikuwa wa mapigo yasiyo na mpangilio wowote. Ukiutazama leo unasema hapo hapo: hii ni AF. Lakini yeye hakujua ni kitu gani. Picha ilikuwepo, maana yake haikuwepo bado.

SEHEMU YA 2: Wimbi lililopotea

Miaka hiyo hiyo, daktari wa kawaida wa mji wa Burnley, Uingereza, James Mackenzie, alikuwa anachora mapigo kwa kalamu ya wino: mkono kwa wakati mmoja na mshipa wa shingo. Shingoni kuna wimbi dogo linalotokea vyumba vya juu vinapojikamua. Alikuwa na mgonjwa mwanamke mwenye valvu ya mitra iliyobana, akamfuatilia miaka mingi. Siku moja mapigo yake yakavurugika, na lile wimbi la shingoni likatoweka. Mackenzie akafikiri vyumba vya juu vimepooza.

Alikuwa karibu, ila hakufika. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London aliweka pamoja michoro ya shingo na ya umeme. Mahali wimbi P lilipotakiwa kuwa, akakuta mstari unaotetemeka tetemeka. Alikwenda hata kwa farasi mwenye mapigo ya ovyo namna hiyo, kifua kikafunguliwa, na vyumba vya juu vikaonekana vinatetemeka kwa macho. Kumbe havijapooza. Vinafanya kazi kupita kiasi, lakini hakuna anayemsikiliza mwenzake. Vienna nao, Rothberger na Winterberg, walifikia jibu hilo hilo mwaka huo huo.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile sentensi ya mtihani: hakuna mawimbi P, mstari wa chini unatetemeka, nafasi kati ya mapigo hazifanani hata kidogo. Shika hilo la mwisho kuliko yote. Cheche mamia kwa dakika zinagonga mlango wa katikati ya moyo, na mlango unapitisha chache tu bila kanuni. Zinazopita zinashuka kwa njia ya kawaida, ndiyo maana QRS inabaki nyembamba.

SEHEMU YA 3: Upande wa pili

Lewis huyo huyo mwaka 1909 alichapisha pia mchoro wa mapigo ya haraka yanayoanzia vyumba vya chini. Mwaka 1921 Robinson na Herrmann wakaonyesha uhusiano wa VT na kuziba kwa mishipa inayolisha moyo. Kovu likishabaki kwenye msuli, umeme unaweza kulizunguka kama mtu anayezunguka shamba, mzunguko baada ya mzunguko, kwa kasi ile ile. Kwa hiyo VT ya kawaida ina mpangilio. Na kwa kuwa umeme hausafiri kwenye nyaya za asili bali unajipenyeza ndani ya msuli, unachelewa, na QRS inakuwa pana.

Sasa ona mtego. Kwenye VT pia mara nyingi huoni P vizuri, kwa sababu zimefunikwa na QRS pana. Ukijibu AF kwa sababu tu swali limesema P hazionekani, umekwisha. Kukosekana kwa P peke yake hakutofautishi chochote.

Ila P zikionekana hapa na pale, zinatembea kwa mwendo wao bila kuijali QRS, hiyo ni dalili kubwa ya VT. Juu wanaenda zao, chini wanaenda zao. Mwaka 1952 Dressler na Roesler waliandika kuhusu pigo la mchanganyiko: cheche ya juu inafanikiwa kupenya wakati ile ya chini nayo imeanza, zinakutana katikati, na pigo moja linatokea lenye sura nusu hii nusu ile. Swali likikutajia pigo kama hilo katikati ya msururu wa QRS pana, limekupa jibu mkononi.

SEHEMU YA 4: Tupime sasa

Karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde. Boksi dogo ni sekunde 0.04, boksi kubwa ni 0.2. QRS ikifika maboksi madogo matatu, yaani 0.12, tunaiita pana. Maswali yako ni mawili tu, na kwa mpangilio huu: nafasi zinafanana? QRS ni nyembamba au pana?

*Swali la kwanza.* Mama wa miaka 34, aliwahi kuugua homa ya rumatiki utotoni, anahema akipanda mlima kutoka sokoni. Nafasi kati ya mapigo kwa maboksi madogo: 9, 13, 8, 15, 11. QRS ina maboksi mawili. P hakuna. Kwenye maboksi makubwa 30, yaani sekunde 6, kuna mapigo 14.

Nafasi hazifanani, wala hazijirudii kwa zamu. QRS ni nyembamba. Mapigo 14 mara 10 ni 140 kwa dakika. Hii ni AF. Usigawanye kwa nafasi moja tu kupata kasi, utadanganyika: ile ya 8 inakupa karibu 188, ile ya 15 inakupa 100.

*Swali la pili.* Baba wa miaka 62, aliwahi kupata shambulio la moyo. Moyo unamwenda mbio, lakini amekaa, anaongea, presha 110/70. Nafasi ni maboksi 9, 9, 9, 9. QRS ina maboksi manne. P zinaonekana mara chache, hazijapangika na QRS.

Zinafanana: 1500 gawa kwa 9 ni kama 167 kwa dakika. QRS ni sekunde 0.16, pana. P zinajitegemea. Hii ni VT. Mtego hapa ni presha. Wengi wanasema, huyu anaongea vizuri, haiwezi kuwa VT. Inaweza kabisa. Presha inakwambia mgonjwa anavumilia kiasi gani, haikwambii umeme umeanzia wapi.

Mwaka 1978 Hein Wellens na wenzake walilinganisha michoro 70 ya VT na 70 ya mapigo ya juu yaliyoshuka kwa njia iliyopinda, wakitafuta alama hizi hizi: upana unaopita 0.14, P zinazojitegemea, sura ya QRS. Haikuwa kazi ya kupendezesha vitabu. Miaka ya 1980 madaktari waliripoti wagonjwa wa VT waliodhaniwa ni tatizo la juu, wakachomwa verapamili, presha ikaporomoka. Ndiyo maana kanuni ikawa: mapigo ya haraka, pana, yenye mpangilio, kwa mtu mwenye kovu la moyo, ni VT mpaka ithibitishwe vingine.

SEHEMU YA 5: Pale kanuni inapoyumba

*Swali la tatu.* Kijana wa miaka 22, hana ugonjwa unaojulikana. Nafasi ni 6, 9, 5, 11, 7. QRS pana, na upana wenyewe unabadilika pigo kwa pigo.

Hazifanani, kwa hiyo fikiria AF kwanza. Lakini pana? Mwaka 1930 Wolff, Parkinson na White walieleza vijana wazima wenye mchoro wa ajabu, na baadaye ikajulikana kuwa wana njia ya ziada kati ya juu na chini. AF ikimpata mtu wa namna hiyo, cheche zinapita mlango wa uani. Nafasi ya boksi 5 ni sawa na kasi ya 300. Jibu ni AF yenye njia ya ziada, na verapamili au digoksini hapa ni hatari, kwa sababu mlango wa mbele ukizuiwa, wa uani unaendelea kupitisha.

Kuna AF nyingine yenye QRS pana lakini yenye sura moja muda wote: mgonjwa ana waya mmoja wa chini uliokatika tangu zamani. Angalia mchoro wake wa nyuma. Pia AF ya kasi sana inaweza kuonekana kama ina mpangilio. Chukua ukingo wa karatasi, weka alama kwenye QRS tatu, sogeza mbele. Alama zikikataa kuingia, hazifanani. Na ipo VT ambayo sura ya QRS inageuka geuka na nafasi zinavurugika; huyo mara nyingi anapoteza fahamu haraka, na anahitaji shoti, siyo mjadala.

Kwa nini nawaandikia watu wa huku? Machame iko wilaya ya Hai, na zaidi ya miaka kumi iliyopita watafiti walipima wazee wa Hai wa miaka 70 na kuendelea. Kati ya 2,232 walikuta AF kwa 15 tu, chini ya mmoja kwa mia. Ulaya, kwa umri huo, ni wengi zaidi mara kadhaa. Kwa hiyo usiubebe picha ya kitabu, ya mzee wa Ulaya, ukasahau mama kijana mwenye valvu ya mitra iliyobana. Huyo ndiye mgonjwa wa Mackenzie, na huku bado tunaye.

Na ukiwa kituo kisicho na mashine, fanyeni wauguzi wawili: mmoja anasikiliza kifua, mwingine anashika mkono, dakika moja nzima, saa moja. Kifua kikitoa 130 na mkono 98, na mapigo ni ya ovyo, mapigo 32 hayakufika mkononi kwa sababu moyo ulijikamua kabla haujajaa. Andika namba zote mbili kwenye fomu ya rufaa. Atakayempokea KCMC ataanza kuusoma mchoro akijua anatafuta nini.