Akiba ya uzeeni kwa mvuvi asiye na mshahara

Tunaulizwa mara nyingi: vipi ajiwekee akiba ya uzeeni mtu ambaye pato lake halina kiwango? Tunaona aweke fungu la kila pato, si kiasi maalumu kila mwezi.

Tuchukue mvuvi mwenye miezi 6 ya kupata shilingi 900,000 na miezi 6 ya kusi ya kupata 200,000. Akitenga sehemu moja ya kumi, ataweka 90,000 au 20,000. Kwa mwaka 660,000.

Akiba nyingi huliwa wakati wa kusi. Matumizi ya nyumba yakiwa 300,000, mwezi mbaya hupungukiwa 120,000. Kwa hiyo kila mwezi mzuri atenge pia 120,000 kwenye mfuko mwengine wa kuziba pengo hilo. Akianza kuchota akiba ya uzeeni kununua chakula, ajue mfuko wa kusi ni mdogo.

Fedha ziwekwe pasipo na riba. Zikifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kutimiza mwaka wa Hijria, zitolewe zaka asilimia 2.5. Kuwa ni za uzeeni hakuondoi wajibu huo, maadamu ziko mkononi mwake.