Orodha ya wasambazaji

Orodha ya wasambazaji ni hati inayochapishwa na kampuni kubwa kutaja makampuni yanayoitengenezea au kuiuzia bidhaa. Nike ilitoa orodha ya viwanda vyake mwaka 2005 na Apple mwaka 2012. Nestlé pia imetaja wanaoiuzia malighafi, kahawa ikiwemo.

Jina lililo kwenye orodha si lazima liwe la mzalishaji. Mfano ni kahawa ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wakulima huuza kahawa ya maganda kupitia vyama vya msingi, ambavyo chama kikuu chao ni KDCU. Ikiuzwa mnadani, hununuliwa na kampuni yenye leseni, ambayo huenda ikaiuzia kampuni nyingine ya ng'ambo kabla haijamfikia mkaangaji. Orodha ya mkaangaji kwa kawaida humtaja huyo wa mwisho tu. Kwa hiyo msomaji akitafuta neno "Karagwe" asilione, hilo halithibitishi kwamba kahawa ya huko haimo.

Kwanza asome maelezo ya juu: je, orodha inataja wauzaji wa moja kwa moja pekee, na ni ya mwaka gani? Kisha atafute kampuni zinazosafirisha kahawa kutoka Tanzania. Aangalie pia asichanganye KDCU na KCU, chama kikuu chenye makao yake Bukoba.

Pakiti ikiwa na alama ya Fairtrade, tovuti ya FLOCERT huonyesha vyama vyenye cheti. Cheti huonyesha kwamba chama kinaruhusiwa kuuza kwa alama hiyo, si kwamba kahawa yake imo katika pakiti ile.