Floti Imeisha, Imekwenda Wapi?

Wakala wa pesa za simu ana sentensi mbili zinazomfukuzia wateja: "Floti imeisha" na "Keshi imeisha." Mteja huzisikia kama anavyosikia "sukari imeisha" kwa mangi, akaondoka kutafuta kibanda kingine. Sukari ikiisha, kweli imekwisha, imeliwa. Floti ikiisha, droo imejaa noti. Keshi ikiisha, salio la laini ya uwakala limenona. Hakuna kilichopungua, mtaji wote umelalia upande mmoja.

Nalipenda hili neno kulalia kwa kazi hii, kwa sababu linamwelekeza wakala kwenye swali sahihi. Anayesema mtaji umeisha huanza kuwaza nani wa kumkopesha. Anayesema mtaji umelalia kwenye simu huwaza namna ya kuugeuza urudi kwenye droo. Hizo ni shida mbili tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Lugha yetu imelibana neno floti kuliko walivyolibana wenye nalo. Kwa Kiingereza cha madukani, hata noti na sarafu za chenji zinazowekwa kwenye droo asubuhi huitwa hivyo. Sisi tumeliachia pesa ya kwenye laini peke yake, na pesa ya mkononi tukaipa jina la keshi. Mgawanyo huo ni mzuri, kwani wakala hawezi kufanya kazi dakika tano bila kuzitenganisha. Kilichokosekana ni neno la zote mbili pamoja. Mtaji ni pana mno, linabeba hadi meza na mwavuli. Ukwasi, kama watu wa benki wanavyolitumia siku hizi, linamaanisha kuwa na fedha inayopatikana kwa wakati unaoihitaji, lakini sikioni mwa wengi bado ni utajiri. Na wakala anaweza kuwa na milioni tatu zake mwenyewe, halafu saa moja jioni akashindwa kumtolea mtu laki moja.

Kuweka na kutoa nayo ni maneno ya kuyatazama vizuri. Mteja akiweka elfu hamsini, noti zinaingia kwenye droo ya wakala, na floti ya kiasi hichohicho inatoka kwenda kwenye simu ya mteja. Akitoa, noti zinatoka na floti inaingia. Kwa hiyo daftari lililoandikwa "weka" na "toa" linasimulia siku ya wateja. Ili limsimulie wakala siku yake, nashauri safu zake ziitwe "keshi iliyoingia" na "keshi iliyotoka", na pembeni ziandikwe saa. Saa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na mfano utaonyesha.

Tuchukue kibanda cha kubuni pale Mabibo External, Dar es Salaam, jirani na eneo la viwanda la Benjamin William Mkapa. Wafanyakazi wa kiwandani wanalipwa mwisho wa mwezi, mshahara unaingia benki au kwenye simu. Mwenye kibanda ana shilingi milioni tatu za kuzungusha, na tuseme anatumia mtandao mmoja tu. Wenye laini tatu au nne wana kazi zaidi, kwa sababu floti ya M-Pesa haiwezi kumwekea mteja wa Airtel Money. Kila laini ina floti yake ya kuangalia, ila droo ni moja.

Siku ya mshahara, kuanzia wafanyakazi wanapotoka zamu mpaka anapofunga, anatarajia wateja watoe jumla ya milioni mbili na laki sita. Wengine, hasa wenye maduka na vibanda vya chakula, wataweka laki saba. Ukipiga hesabu ya haraka, keshi itakayotoka ni milioni moja na laki tisa zaidi ya itakayoingia. Mawakala wengi huishia hapo: huandaa milioni moja na laki tisa, na saa mbili usiku droo ni tupu.

Kosa liko kwenye saa. Wanaotoa wanakuja kwanza, wametoka kazini na wana haraka. Wanaoweka wanakuja baadaye, duka likishafungwa na mauzo yakishahesabiwa. Tuseme kufika saa mbili usiku zimeshatoka milioni mbili na laki mbili, na zimeingia laki mbili tu. Hapo ndipo droo inapofika chini kabisa: milioni mbili kamili zimeondoka. Saa nne usiku pengo litakuwa limepungua hadi milioni moja na laki tisa, lakini mteja wa saa mbili hawezi kulipwa kwa noti zitakazofika saa tatu. Kinachopaswa kuandaliwa ni cha kufika kwenye kina hicho, si cha kufika mwisho wa siku. Akiongeza akiba ya laki tatu, keshi ya kuanzia jioni ni milioni mbili na laki tatu. Laki saba zinazobaki zikae kwenye floti, na zinatosha, kwa kuwa kila anayetoa anaiongeza floti hiyo.

Noti nazo zina maumbo yake. Milioni mbili za noti za elfu kumi tupu ni hasara, maana wafanyakazi hutoa 37,000 au 64,000, kiasi cha kodi ya chumba na deni la dukani. Bila elfu moja, elfu mbili na elfu tano za kutosha, wakala atakuwa na keshi asiyoweza kuitoa. Ndiyo maana asubuhi hiyo aende mapema benki, au kwa wakala mkuu, au kwa rafiki yake mwenye duka la jumla ambaye droo yake imejaa noti ndogo na anatafuta floti ya kulipia mzigo. Huyo wa mwisho ndiye bora kuliko wote. Wanabadilishana hapohapo, kila mmoja anapata alichokosa, na hakuna aliyepanda bodaboda na furushi la hela.

Sasa usiku umefika, keshi imebaki laki nne, floti ni milioni mbili na laki sita. Kishawishi cha asubuhi ni kukimbilia benki kuigeuza floti yote. Lakini siku ya pili ina sura nyingine. Asubuhi wenye maduka wanaweka, tuseme laki tisa, kisha jioni waliochelewa wanatoa milioni moja na laki moja. Droo inapanda hadi milioni moja na laki tatu, halafu inashuka hadi laki mbili. Upungufu wa akiba yake ni laki moja tu, na hiyo ataipata kwa jirani. Aliyekimbilia benki amebeba milioni mbili na laki sita barabarani kwa ajili ya kazi ambayo wateja wenyewe wangeifanya.

Takwimu hizi zote zinategemea daftari la mwezi uliopita, na daftari hilo lina upofu mmoja. Linaandika waliohudumiwa peke yao. Kama mwezi jana keshi iliisha saa moja jioni baada ya kutoka milioni moja na nusu, daftari litasema mahitaji yalikuwa milioni moja na nusu, na mwezi huu wakala ataandaa hiyohiyo, na itaisha saa ileile. Hata taarifa ya miamala kwenye simu haitamsaidia, kwani muamala usiofanyika hauachi meseji. Namna ya kuligundua hilo ni kutazama saa: jioni ya mshahara ikionyesha miamala imebanana mpaka saa moja, halafu kimya ghafla au kuweka kutupu, jua palikauka. Tiba ni safu ya tatu, "waliorudishwa", yenye kiasi na saa. Mteja akiuliza, "Dada, laki mbili ipo?" na jibu likawa hapana, laki mbili hizo ziandikwe. Mtu huyohuyo anaweza kuwa ameuliza vibanda vitatu, kwa hiyo jumla ya safu hii itazidi kidogo ukweli. Wakala achukue sehemu yake tu, aongeze taratibu mwezi hadi mwezi.

Hapa neno kukopa linastahili tahadhari. Zipo huduma zinazomkopesha wakala floti ya muda mfupi, na jina lake linavutia: kukopa floti. Jioni ya mshahara wa benki mkopo huo haufai kitu. Wakala hana keshi, floti anayo ya kumwaga. Akikopa nyingine ameongeza mzigo upande uleule uliolemewa, na ada juu yake. Wala floti haigeuki kuwa noti kwa kubonyeza simu, kwa sababu lazima pawepo mtu au benki yenye noti upande wa pili.

Lakini mkopo huohuo una siku yake. Mtaani kwetu neno siku ya malipo lina maana zaidi ya moja, na ramani yote inategemea swali dogo: hela inalipwa kwenye simu au mkononi? Mafundi ujenzi na vibarua wao hupewa posho mkononi Jumamosi mchana. Hawa hawaji kutoa, wanakuja kuweka: kumtumia mama kijijini, kununua umeme, kulipa mchezo wa wiki. Keshi inajaa na floti inakauka. Na Jumamosi ina ubaya wake, kwani matawi mengi ya benki hufunga mchana, wakati floti ndiyo kwanza inaanza kutakiwa. Wakala wa maeneo hayo anunue floti yake Ijumaa, na akikopa, akope Jumamosi hiyo, akiwa na noti za kurudishia Jumatatu asubuhi.

Katikati ya mwezi ni siku za kupooza. Pengine laki mbili na nusu zinatoka, laki tatu zinaingia, na mtaji karibu wote umekaa. Kamisheni hulipwa kwa muamala, haitokani na salio, kwa hiyo floti iliyolala haizai. Ila inalala salama kuliko noti, na hilo ndilo la kuzingatia: droo ibaki na laki tano au sita, nyingine zikae kwenye laini au benki. Anayehofiwa siku hizo ni mteja mmoja mkubwa anayetokea bila taarifa akitaka kutoa milioni moja na nusu ya kununulia kiwanja. Mjulishe tangu mapema: "Kaka, ukiwa na kubwa nipigie jana yake, nitakuandalia." Tarehe ishirini ikikaribia, anza kuacha keshi inayoingia ikae droo, kidogo kidogo, usiipeleke benki. Na mshahara ukichelewa, ambao huchelewa, usiulize benki. Waulize wanaotoka zamu ya asubuhi kama meseji imeshaingia, kabla hujafuata noti ambazo zitalala nawe usiku kucha.