Kompyuta imezima, projekti iko wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtu aliyekuwa akiandika kwa programu ya vi kwenye mashine za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliweza kuzimikiwa na kompyuta katikati ya kazi, kisha ikiwaka akakuta ujumbe unamsubiri kwenye sanduku lake la barua. Bill Joy, aliyeiandika vi, alifanya programu hiyo iweke kazi inayoendelea katika faili la muda. Mashine ilipowaka upya, programu nyingine ndogo iliokota faili hilo, ikalihamishia kwenye folda maalumu ya vilivyookolewa, kisha ikamwandikia mwenye kazi kwamba vitu vyake vipo. Alichotakiwa kufanya ni kuandika hivi:

```
vi -r barua.txt
```

Karibu kila kinachohitajika kuokoa kazi kilikuwa pale: nakala inayotengenezwa bila mtu kuikumbuka, mahali tofauti pa kuitunza, na habari kwa mwenyewe. Wahariri wa video waliokuja baadaye walirithi la kwanza upesi. Hilo la mahali ndilo linalowaponza hadi leo.

Mhariri wa video ana bahati moja ambayo wengi hawaijui. Projekti yake haina picha ndani. Faili la projekti ni orodha ya maamuzi tu: klipu gani, inaanzia sekunde gani, inaishia wapi, inafuatwa na nini. Enzi za mitambo ya CMX, miaka ya 1970, orodha hiyo ilitobolewa kwenye utepe wa karatasi ambao mtu aliweza kuukunja akautia mfukoni. Kwa hiyo filamu ya saa mbili yenye picha zinazojaza diski nzima inaweza kuwa na projekti nyepesi kiasi cha kunakiliwa kwa sekunde chache. Wepesi huo ndio uliowezesha programu za kuhariri kutoa nakala mara kwa mara bila kuichosha mashine.

Avid, kampuni ya Massachusetts iliyoanza kuuza mtambo wake wa kuhariri mwaka 1989, iliigawa projekti katika mafaili madogo yanayoitwa bini, na kila bini ikapewa nakala zake za zamani katika folda ya Attic. Jambo la busara ni kwamba Attic inakaa kwenye diski ya kompyuta yenyewe, hata kama projekti iko kwenye diski kubwa inayotumiwa na chumba kizima. Diski ya pamoja ikifa, Attic ipo. Bini moja ikiharibika, zilizobaki haziguswi. Mhariri anaifunga programu, ananakili faili la karibuni kutoka Attic, anarudisha mwisho wa jina lake kuwa `.avb`, kisha analifungua. Asijaribu kuifungua bini mbovu pamoja na nakala yake kwa wakati mmoja, maana Avid inakataa: vitu vilivyomo ni vilevile.

Final Cut Pro, iliyotoka mwaka 1999, nayo ilipata ghala lake, `Autosave Vault`, ndani ya folda ya nyaraka ya mtumiaji. Premiere ilichukua njia nyingine. Folda yake, `Adobe Premiere Pro Auto-Save`, usipoigusa inakaa ubavuni mwa faili la projekti, kwenye diski ileile. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kizembe, kwa sababu anayehariri harusi kwenye diski ya nje ya USB, mtindo wa studio nyingi ndogo za mijini kwetu, ameweka projekti na mwokozi wake kwenye waya mmoja.

Tuchukue umeme umekatika wakati Premiere ikiandika faili. Ukiwaka, `Harusi.prproj` haifunguki. Usiibonyeze tena na tena, inakili kwanza. Faili la aina hii kwa undani ni maandishi ya XML yaliyobanwa kwa gzip, na hilo linakupa njia ya kulipima kwenye dirisha la amri la Mac au Linux:

```
cp Harusi.prproj nakala.gz
gunzip -t nakala.gz
```

Ikinyamaza, mfuko ni mzima na tatizo liko kwingine: pengine klipu iliyoharibika, au kache. Hapo anzisha projekti mpya, uilete ile ya zamani ndani yake kwa `Import`. Ikijibu `unexpected end of file`, faili limekatika mkia. Ikijibu `not in gzip format`, mara nyingi kilichobaki ni sifuri tupu: nafasi ilitengwa kwenye diski lakini umeme ukaondoka kabla ya kitu kuandikwa. La namna hii halina cha kuokolewa. Nenda kwenye folda ya Auto-Save, panga mafaili kwa tarehe, chukua la mwisho lenye ukubwa unaofanana na wenzake (likiwa dogo ghafla, rudi nyuma moja), linakili nje ya folda ile na ulipe jina jipya kabla ya kulifungua.

Na kache? Watu wengi huikimbilia wakidhani kazi imejificha humo. Haimo. Mafaili ya `.pek` na `.cfa` ni michoro ya sauti na sauti iliyoandaliwa ili mashine isikwame. Ukiyafuta yanatengenezwa upya, na mara nyingine kuyafuta ndiko kunakoifanya projekti inayoganda ifunguke. Kitu cha kutafuta kama kila nakala ya projekti imepotea ni folda ya priviu, yaani vipande vya taimulaini ambavyo programu ilikwisha kuvirenda. Humo mna video halisi ya mikato yako. Maamuzi hayamo, ila unaweza kuviweka kwenye taimulaini mpya na kukata upya kwa kuviangalia. Ni kazi ya kuchosha, lakini si ya kubuni tena.

Final Cut ya mwaka 2011 iliondoa kabisa haja ya kubonyeza `Save`, na DaVinci Resolve ikaleta `Live Save` katika toleo la 14, mwaka 2017. Kila mkato unaandikwa papo hapo. Kuzimika kwa ghafla kukapungua makali, likaja tatizo jingine: ukifuta sikwensi usiku kwa makosa ukafunga programu, kosa nalo limehifadhiwa papo hapo. Ndiyo maana Resolve ina `Project backups` kando ya `Live Save`, na anayewasha moja tu amejilinda nusu.

Studio kubwa nazo hazikusalimika. Mwaka 1998 pale Pixar, amri ya kufuta ilipita juu ya mafaili ya filamu ya Toy Story 2, na wahusika wakaanza kutoweka kwenye skrini. Bekapu ilikuwapo, lakini iliporudishwa ikaonekana mbovu. Ilikuwa imeshindwa kuandika sawasawa kwa muda na hakuna aliyeijaribu. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi, aliyekuwa akifanya kazi kutoka nyumbani baada ya kujifungua. Kompyuta hiyo ilirudishwa studio kwa gari, imefunikwa blanketi.

Kama unatumia Premiere, fungua `Project Settings`, kisha `Scratch Disks`, utafute mstari wa `Project Auto Save`. Uelekeze kwenye diski nyingine, si ile yenye projekti. Wiki ijayo chukua nakala moja kutoka huko uifungue, uone kama inafunguka.