Kijajuu si kichwa: bando linavyoishia kwenye barua pepe

"Shikamoo mjomba. Hii simu inakula bando nikiwa nimelala."

Mpwa wangu ni karani wa wakala wa forodha, na tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue bandari kavu ya Kwala, tarehe 31 Julai 2025, siku zake za kazi amezigawa nusu Dar es Salaam na nusu Kwala, mkoani Pwani, kilomita zipatazo 90 kutoka mjini. Dar anatumia waifai ya ofisi. Kwala anatumia bando lake mwenyewe. Barua pepe zinamfuata kote: ankara, hati za shehena, orodha za mizigo, karibu zote karatasi zilizoskaniwa.

Nilimwambia kwa simu, "Weka programu ilete vichwa tu." Akaweka alichoelewa, kisha akanipigia kulalamika kwamba hakuna mahali pa kuchagua kichwa cha barua. Kosa lilikuwa langu. Kwa mtu wa ofisi, kichwa cha barua ni ule mstari wa YAH, unaotaja jambo linaloandikiwa. Ninachokisema mimi ni kitu kipana zaidi: jina la mtumaji na mpokeaji, tarehe, mstari wa YAH wenyewe, namba ya utambulisho wa barua, na mihuri ya seva zote ambako barua ilipita. Wataalamu wa Kiingereza wanakiita heda. Programu za kuandikia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina neno linalofaa, kijajuu, ingawa pale linamaanisha maandishi ya juu ya ukurasa. Mimi nalichukua. Kila barua pepe ina kijajuu, kisha mstari mmoja mtupu, kisha mwili, na viambatisho vyote vimo ndani ya mwili.

Mtu wa Kwala hahitaji mfano wa mbali. Kontena likishushwa, karani anasoma mlangoni herufi nne na tarakimu saba, anaangalia sili kama ni nzima, basi ameshajua ni la nani. Hafungui. Kijajuu ndicho hicho kilichoandikwa mlangoni. Simu ya mpwa wangu ilikuwa inafungua kila kontena na kubeba mzigo wote hadi mezani kwake, liwe lake au la.

Inawezekana kusoma mlangoni kwa sababu ya utaratibu uitwao IMAP, ulioanzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa IMAP barua inabaki kwenye seva, na simu inaomba kipande inachokitaka. Ombi mojawapo ni hili:

```
a1 FETCH 1:40 (RFC822.SIZE ENVELOPE)
```

Maana yake: kwa barua ya 1 hadi ya 40, nipe ukubwa wa kila moja na "bahasha" yake. Waliotunga amri wameiita bahasha, lakini ndani yake umo na mstari wa YAH, ambao kwetu hauandikwi juu ya bahasha hata siku moja. Ndiyo maana sikulichukua neno hilo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kwa siku zinaingia barua 40, na 20 kati yake zina hati iliyoskaniwa ya MB 3. Barua pepe ilibuniwa kubeba herufi, kwa hiyo faili huandikwa upya kwa herufi kabla ya kusafiri, na kila baiti tatu zinakuwa nne. Hati ya MB 3 inapita hewani ikiwa MB 4 na ushee. Mara 20, ni zaidi ya MB 80 kwa siku, na bado hajafungua hata moja. Vijajuu vya barua zote 40, hata tukikadiria KB 8 kila kimoja, ni KB 320, yaani theluthi ya MB moja.

Mpwa wangu anatumia K-9 Mail. Humo, kwenye mipangilio ya akaunti, pana kipengele `Fetch messages up to`. Programu huja ikiwa na kikomo. Kikiwa KB 32, barua ikizidi hapo, simu inaleta kijajuu na sehemu ya maandishi, na mzigo unabaki kwenye seva mpaka wewe uuombe. Yeye alikuwa amechoshwa na kubonyeza kitufe cha kuleta barua nzima, akaondoa kikomo. Tukakirudisha. Kuna na tundu la pili ambalo wengi hawalioni: ukituma hati, simu inaipeleka kwa mpokeaji, halafu huenda ikapandisha nakala ya pili kwenye folda ya zilizotumwa. Kipengele chake ni `Upload sent messages`. Seva za Gmail hujiwekea nakala zenyewe, hivyo hakihitajiki huko; kwa sanduku la ofisi, muulize anayelitunza kabla hujakizima.

Limebaki neno la pili, kusawazisha. Ndilo Google walilolichagua kwa sync. Wasomi wengine wanapenda kulandanisha. Kusawazisha lina kasoro moja, linasikika kama kupangapanga tu kitu kilichokwisha kuwapo. Lakini mshabiki wa mpira analielewa vizuri: upande mmoja ukipata bao, wa pili lazima ulifikie. Seva ikipata barua, simu nayo lazima iipate. Kusawazisha kwenyewe si gharama kubwa. Alama ya "imesomwa" ni baiti chache. Gharama ni kile unachoruhusu kisawazishwe, na mtandao unaoruhusu kipitie.

Kwenye Gmail ya Android, fungua mipangilio ya akaunti, utaona `Days of mail to sync`, ambayo kwa kawaida ni siku 30. Simu mpya ikiwashwa Kwala itaanza kuvuta mwezi mzima kwa bando, kwa hiyo iwashe kwanza ukiwa kwenye waifai. Viambatisho vya barua za karibuni Gmail huvipakua kupitia waifai, ukiliacha chaguo lake lilivyo.

Ili programu yoyote isivute chinichini kwa bando, nenda kwenye matumizi ya data ya programu hiyo ndani ya mipangilio ya Android, uzime `Background data`. Ukurasa huohuo unatenganisha data iliyotumika programu ikiwa wazi na iliyotumika ikiwa imefungwa. Kwa mpwa wangu, karibu yote ilikuwa ya pili, na hapo nikaamini kwamba kweli simu ilikula akiwa amelala.

Kuna tahadhari. Kifaa cha mfukoni cha intaneti nacho simu inakihesabu kuwa waifai, na inaweza kumwaga kila kitu kwenye bando la mwenye kifaa. Kwenye mipangilio ya mtandao huo chagua `Treat as metered`. Na ukizima data ya chinichini, barua haitagonga mlango mpaka ufungue programu mwenyewe. Kwa anayesubiri hati ya kutolea kontena, kuchelewa kuiona kunaweza kumletea malipo ya kuhifadhi mzigo, na hayo yanazidi bei ya bando.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: Kwala, vijajuu vinaingia muda wote kwa bando, kikomo ni KB 32, na hati inafunguliwa ile inayohitajika saa hiyo. Nyingine zinasubiri Dar. Lalamiko lake la sasa ni kwamba akitafuta namba ya kontena ndani ya barua ambazo mwili wake haujapakuliwa, simu haioni kitu. Nimemwambia awaombe wateja waandike namba hiyo kwenye mstari wa YAH.